Nikimaliza mkopo mapema, mbona naokoa 45,000 tu?

*Kaka, habari za kazi. Mimi nauza mchele hapa Busia, upande wa Uganda. Tarehe 5 Januari nilichukua mkopo wa shilingi 6,000,000 wa miezi 12, riba asilimia 24 kwa mwaka. Rejesho ni 568,000 kila tarehe 5, na jedwali walilonipa linaonyesha riba yote ni 803,407. Nimelipa marejesho manane, sijachelewa hata siku moja.*

*Mwezi huu chama chetu kimegawana, nikasema acha nimalize deni. Imebaki miezi minne kati ya 12, yaani theluthi, kwa hiyo nilitarajia theluthi ya riba ibaki kwangu, kama 268,000. Tarehe 19 Septemba nikaenda. Simu yangu inaonyesha salio ni 2,151,223, lakini afisa mikopo akaniandikia 2,214,050. Nimepiga hesabu, naona nitaokoa 45,357 peke yake. Afisa anasema ndivyo kompyuta inavyotoa. Gunia moja la mchele huniachia 15,000, kwa hiyo hiyo ni faida ya magunia matatu tu! Je, wananiibia? Nilipe au niache? Nimekutumia picha za jedwali na ile karatasi.*

*Mama Mchele, Busia*

Dada yangu, nimekaa na picha zako jioni nzima, nikapiga hesabu siku kwa siku kuanzia 5 Januari. Imetoka sawasawa na yao. Hawajakuibia. Lakini afisa aliyekuambia "ndivyo kompyuta inavyotoa" amekukosea, maana hesabu hii haina siri na ulistahili kuelezwa. Nilikuwa afisa mikopo Mbale kwa miaka tisa, na najua kwamba mara nyingi afisa husema hivyo kwa sababu naye hajawahi kuipiga kwa mkono wake.

Acha benki kidogo, tuzungumze stoo. Tuseme unaweka mchele kwenye stoo ya mtu, na mwenye stoo anakutoza kwa kila gunia, kwa kila usiku linaolala pale. Ukiingiza magunia sita, usiku wa kwanza unalipia sita. Ukitoa mawili, usiku unaofuata unalipia manne. Hakuna bei ya mwezi wala ya mwaka iliyokwisha kufungwa. Kuna magunia mangapi yamelala na yamelala usiku ngapi, basi.

Mkopo wako unakwenda hivyohivyo, ila gunia lake ni milioni moja. Asilimia 24 kwa mwaka, ukiigawa kwa siku 365, kila milioni inayolala kwako inakugharimu karibu shilingi 658 kwa usiku. Usiku wa kwanza zililala milioni sita, gharama 3,945. Kila usiku kompyuta yao inachukua deni la msingi lililobaki, inazidisha, inaandika pembeni. Hailigusi deni lenyewe. Inajumlisha tu mpaka tarehe 5, ndipo rejesho lako linapofika. Rejesho hilo kwanza linalipa usiku wote uliokusanyika, na kinachobaki ndicho kinachopunguza deni.

Sasa tazama rejesho lako la kwanza, la 5 Februari. Kutoka 5 Januari ni siku 31. Usiku 31 kwa 3,945 na senti zake unatoa 122,301. Kwa hiyo katika zile 568,000 ulizobeba, 122,301 zilikuwa riba na 445,699 tu ndizo zilizopunguza deni. Linganisha na rejesho la nane, la 5 Septemba. Pesa ni zilezile 568,000, lakini riba ndani yake ni 54,320. La mwisho, la Januari ijayo, litakuwa na riba ya 11,095.

Hapa ndipo hesabu yako ilipoteleza, na si kosa la mtu asiyejua hesabu. Rejesho linalolingana kila mwezi linamfanya yeyote aamini kwamba na riba iliyomo inalingana. Hailingani. Milioni sita zililala kwako Januari, na kufikia Septemba zimebaki mbili na kidogo. Marejesho yako manne ya kwanza yalibeba riba ya 419,503, yaani zaidi ya nusu ya riba yote ya mkopo. Manne yaliyobaki yanabeba 108,184 tu. Uliposema theluthi ya miezi ni theluthi ya riba, uliihesabu stoo kana kwamba bado ina magunia yote sita.

Kwa hiyo hata kama ungekuwa umesimama kaunta asubuhi ya tarehe 5 Septemba, mara tu baada ya rejesho la nane, na hakuna ada yoyote, kikomo cha kuokoa kilikuwa 108,184. Zile 268,000 hazikuwapo. Ulikwisha kuzilipa, nyingi kabla ya Juni.

Tushuke sasa kutoka 108,184 mpaka 45,357.

Kwanza, siku 14. Simu yako inasema 2,151,223 kwa sababu inaonyesha deni la msingi lilivyobaki baada ya rejesho la tarehe 5. Kati ya hapo na tarehe 19 usiku umeendelea kuhesabiwa, ila bado umeandikwa pembeni, simu haiuonyeshi. Chukua kalkuleta:

```
2,151,223 × 0.24 ÷ 365 × 14 = 19,803
```

Pesa hizo ni halali yao, umekaa na pesa yao siku hizo. Ndiyo maana kiasi cha kumalizia mkopo hakiwi sawa na salio la kwenye simu, na ndiyo maana karatasi aliyokuandikia afisa ni ya siku ile tu. Ukienda kesho yake ongeza kama 1,415, keshokutwa hivyohivyo. Nimeona watu wakigombana kaunta kwa sababu walikuja Jumatatu na hesabu ya Ijumaa.

Pili, 43,024. Hiyo si riba. Ni asilimia mbili ya deni lililobaki, ada ya kumaliza mapema. Mkopeshaji alipanga kupata riba mpaka Januari, wewe unamkatisha, anataka kufidiwa sehemu. Ijumlishe na ile 19,803 juu ya 2,151,223, unapata 2,214,050 iliyokuogopesha. Ukiendelea na marejesho yako mpaka mwisho utatoa 2,259,407, kwa maana rejesho la mwisho kwenye jedwali lako ni 555,407. Tofauti ni hiyo 45,357.

Ada hiyo ndiyo ningeing'ang'ania kama ningekuwa wewe. Bila hiyo ungeokoa 88,381, kwa hiyo imekula karibu nusu. Fungua mkataba uliosaini Januari, tafuta kifungu kinachozungumzia kulipa kabla ya muda. Picha ulizonituma hazina ukurasa huo. Kama ada imeandikwa pale pamoja na kiwango chake, uliikubali. Kama haikuandikwa, waulize kwa maandishi wameitoa wapi. Mwongozo wa Benki Kuu ya Uganda wa kumlinda mteja wa huduma za fedha, wa 2011, unamtaka mtoa huduma amweleze mteja ada na masharti kabla hajasaini, kwa hiyo swali lako lina mguu wa kusimamia. Anzia kwa meneja wa tawi, na udai jibu la maandishi. Na hata kama ada imo, omba wakupunguzie. Mteja aliyelipa mara nane bila kuchelewa ni mtu ambaye tawi linataka arudi kukopa. Kule nilikofanya kazi niliona meneja akiifuta ada hii kwa watu wa aina yako, lakini hakuwahi kuifuta kwa mtu ambaye hakuuliza. Soma pia kama mkataba unadai taarifa kabla ya kumaliza. Ipo mikataba inayotaka siku 30, na usipotoa taarifa unatozwa riba ya siku hizo. Kwa hali yako hapo ungebakiwa na kama 2,900 tu.

Kabla sijaja kwenye nilipe au niache, kuna mtego mmoja ambao lazima nikuambie, kwa sababu nimemwona mtu mzima akilia kwa ajili yake. Alikuwa muuza samaki, mzee mwenye heshima zake. Alileta pesa kamili, akajaza karatasi ya kuweka pesa, akaingiza kwenye akaunti yake ambayo mkopo ulikuwa ukikatwa, akapigiwa muhuri, akaenda nyumbani akijua deni limekwisha. Wiki sita baadaye alikuja kudai karatasi za kiwanja chake. Nikafungua akaunti mbele yake. Pesa zilikuwa pale zimelala, na kompyuta ilikuwa imekata rejesho moja tu kama kawaida. Deni liliendelea kuhesabiwa kila usiku huku pesa ya kulimaliza ikiwa chumba cha pili. Hakuna aliyemdanganya. Tawi lilipokea pesa kama akiba, maana ndivyo karatasi ilivyosema, na hakuna aliyemuuliza anataka nini. Mimi pia nilikuwa zamu siku ile, na sikumuuliza.

Kuweka pesa kwenye akaunti si kulipa mkopo. Ukiamua kumaliza, andika barua fupi: naomba mkopo wangu ufungwe leo, kwa kiasi hiki, tarehe hii. Ubaki na nakala yenye muhuri. Kisha usiondoke bila taarifa ya mkopo inayoonyesha salio sifuri, na uulize ni lini utapewa barua ya kufunga deni na dhamana yako. Usipoona sifuri kwenye karatasi, mkopo haujafungwa, hata wakikupa mkono wa pongezi.

Haya, pesa unazo mkononi. Swali la kweli ni zile 2,214,050 zitakufanyia nini kati ya 19 Septemba na 5 Januari, siku 108. Ukizipeleka benki zitakuachia 45,357, na hilo ni hakika, halina mvua wala panya. Kwenye mchele, umesema mwenyewe, gunia tatu zinatosha kuleta hiyo. Ukiniuliza mimi, mwenye biashara inayozunguka na Krismasi iko mbele, singeziondoa shilingi zote hizo nje ya biashara ili kuokoa faida ya magunia matatu. Ningenunua mchele Butaleja wakati wengine hawana pesa taslimu, nikaacha rejesho la Oktoba pembeni kabla ya kugusa kitu kingine, na mkopo ukaenda zake mpaka Januari.

Lakini hilo ni kama pesa itaingia kweli kwenye mchele. Wewe unajijua. Kama itakaa kwenye simu, ikaguswa leo kwa karo ya mtoto wa shangazi na kesho kwa msiba, ifike Novemba huna mchele wala rejesho, basi lipa sasa, na hesabu 45,357 kama nyongeza tu juu ya usingizi. Sababu nyingine ya kulipa sasa ni dhamana. Kama waliyoshikilia ni karatasi ya kibanja na unataka kuiuza au kuikopea mahali penye riba nafuu, miezi mitatu na nusu ya kuipata mapema inaweza kuwa na thamani kuliko riba yote tuliyoizungumza.

Na kama mgao wa chama umekuja kwa simu, usiutoe kwa wakala ukabeba noti mpaka kaunta. Kodi ya serikali ya kutoa pesa kwenye simu ni asilimia 0.5, ambayo kwa kiasi chako ni kama 11,000, na ada ya kampuni inakuja juu yake. Hiyo ni robo ya unachotaka kuokoa. Uliza kama wanapokea moja kwa moja kutoka kwenye simu, na wanatoza kiasi gani.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye mkopo unaofuata, maana utakopa tena, na ni vizuri ujue hili kabla ya kusaini.

Moja ni aina ya riba. Wako unahesabiwa kwa salio linalopungua, ndiyo maana mfano wa stoo umefaa. Mkopeshaji wa riba ya flati hakuhesabii magunia yaliyobaki. Anachukua milioni sita za siku ya kwanza, anazidisha kwa asilimia 24, anakuambia riba ni 1,440,000, anaigawa mara 12, na unalipa 120,000 ya riba hata mwezi wa mwisho ambapo unadaiwa laki tano tu. Asilimia imeandikwa ileile 24, gharama ni karibu mara mbili. Na wengi wao, ukitaka kumaliza mapema, wanadai riba yote iliyobaki. Kwa mkopo wa namna hiyo kulipa mapema huokoi chochote, umewapa tu pesa yao kabla ya wakati. Namna ya kutambua ni rahisi. Omba jedwali, soma safu ya riba. Ikishuka mwezi kwa mwezi kama yako, ni ya salio. Ikisimama palepale kutoka juu mpaka chini, ni flati.

La pili ni dogo, lakini linakupa nguvu kaunta. Chukua riba ya mwezi wa kwanza uigawe kwa siku za mwezi huo. Yako, 122,301 kwa 31, inatoa 3,945, na hiyo ni hesabu ya siku 365. Kama jedwali lingesema 124,000, siku ingekuwa 4,000, na maana yake wanagawa mwaka kwa 360 huku wakikutoza kwa siku zote 365. Kwa mkopo kama wako tofauti hiyo haifiki elfu mbili kwa mwezi wa kwanza, kwa hiyo sikushauri ugombane. Nakushauri umwonyeshe afisa kwamba umeiona. Atakaa vizuri kwenye kiti.

Kuhusu ada ulizolipa Januari, ya kufungua mkopo na bima, usizitie kwenye hesabu ya kuokoa. Ada ya kufungua hairudi hata ukimaliza deni baada ya wiki. Bima, uliza tu kama kuna sehemu ya miezi isiyotumika inayorudishwa. Jibu linategemea mkataba wa bima wenyewe.

Uamuzi wa kulipa mapema ulikuwa na uzito mwanzoni. Kama mgao wa chama ungekuja Machi, na ungekuwa mkubwa wa kutosha, kumaliza tarehe 5 Machi baada ya rejesho la pili kungekuokolea 477,075 hata baada ya ada ya asilimia mbili. Sasa kila mwezi unaopita unashusha. Ukisubiri mpaka 5 Oktoba ulipe rejesho la tisa kisha umalize, utaokoa 33,236. Ukifanya hivyo 5 Novemba, ni 10,796. Tarehe 5 Desemba, baada ya rejesho la 11, utaokoa shilingi 209, na ukichelewa siku moja tu baada ya hapo, ada itakuwa kubwa kuliko riba unayoikimbia. Kwa hiyo amua mwezi huu, na uende kwa meneja na mkataba mkononi kwanza, kabla hujabeba pesa. Ukiniletea picha ya kile kifungu cha ada, nitakusomea.